Palizi ya Mchicha Haingoji Magugu Yakue

"Si afadhali magugu ya bustanini yaachwe yakue kwanza, ndipo yang'oleke kwa urahisi?"

Hapana. Mchicha uliosiwa masika yanapoanza huota ndani ya wiki moja hivi, na kwa kuwa huanza kuvunwa takriban wiki ya nne, palizi yake ni ya wiki ya pili, ihesabiwe kwenye kalenda tangu siku ya kusia, wala si tangu mvua ya kwanza. Ukichelewa, mizizi hushikana, nawe ukivuta ndago unaondoka na mche wa mchicha. Tena ndago, gugu sumbufu kuliko yote kwa maoni yangu, hukatika juu, kiazi chake kikabaki ardhini na kuchipua upya. Kichimbue kwa kijiti udongo ungali na unyevu.