Mgao wa alama: washirika wawili wanapofunga biashara

Washirika wawili wanaofunga biashara kwa kawaida hufanya moja kati ya mawili: huuza kila kitu kwa bei ya haraka na kugawana fedha, au huketi na kubishania kitu kimoja kimoja hadi urafiki uvunjike. Mgao wa alama ni njia ya tatu. Uliandaliwa miaka ya 1990 na Wamarekani wawili, mwanasayansi wa siasa Steven Brams na mwanahisabati Alan Taylor. Msingi wake ni kwamba kitu kimoja hakina thamani sawa kwa watu wawili, na tofauti hiyo inaweza kuwafaa wote.

Kila mshirika hupewa alama 100 azigawe kwa mali zote kulingana na anavyozihitaji. Anaandika peke yake, anafunga bahasha, na bahasha zinafunguliwa kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa karakana ya samani kama zile za Keko, Dar es Salaam. Mmoja ni fundi, mwenzake ndiye aliyekuwa akitafuta wateja na kupeleka mizigo. Wana haki sawa, nusu kwa nusu. Bahasha zinafunguliwa:

| Mali | Fundi | Muuzaji |
|---|---|---|
| Mashine ya randa | 40 | 15 |
| Mbao za mninga, 70 | 20 | 15 |
| Jenereta | 15 | 10 |
| Kirikuu | 15 | 35 |
| Jina la biashara na namba ya simu | 10 | 25 |

Hatua ya kwanza, kila kitu kinakwenda kwa aliyekipa alama nyingi zaidi. Fundi anapata randa, mbao na jenereta, jumla alama 75 kwa hesabu yake mwenyewe. Muuzaji anapata kirikuu na jina, alama 60 kwa hesabu yake. Fundi yuko mbele, kwa hiyo lazima arudishe kitu.

Arudishe kipi? Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani ni kile chenye alama chache. Kinachorudishwa ni kile ambacho maoni yao yanakaribiana zaidi, yaani alama za fundi zikigawanywa kwa za muuzaji zinatoa jibu dogo kuliko mengine. Randa inatoa 2.67, jenereta 1.5, mbao 1.33. Basi ni mbao, kwa kuwa hasara ya fundi inakaribia sana faida ya mwenzake.

Akitoa mbao zote anabaki na 55 na mwenzake anapanda hadi 75, hivyo mizani inaelemea upande wa pili. Anatoa 30 tu kati ya 70. Fundi anabaki na alama 66.4, muuzaji naye anafika 66.4. Kama wangekata kila kitu nusu kwa nusu, kila mmoja angepata alama 50. Uzuri mwingine ni kwamba katika njia hii hakitagawanywa zaidi ya kitu kimoja.

Udhaifu mkubwa ni kuchungulia. Fundi akijua kwamba mwenzake ameipa randa 15, anaweza kuiandikia 16, aongeze kirikuu hadi 34 na jina hadi 15. Bado anapata randa, mbao na jenereta, lakini kwa karatasi ana alama 51 tu dhidi ya 60, na sasa muuzaji ndiye anayelazimika kumpa zaidi ya sehemu ya kumi ya kirikuu. Ila akikisia vibaya, na mwenzake kumbe ameandika 17, randa aliyoihitaji kuliko vyote inaondoka. Ndiyo maana nasisitiza bahasha.

Kabla ya kugawa alama, lipeni madeni, kodi na mishahara ya vibarua. Kinachogawanywa ni kile kinachobaki. Fedha taslimu zitengwe na kugawanywa kwa shilingi kulingana na hisa. Vitu visivyofanya kazi kimoja bila kingine, kama randa na visu vyake, viandikwe kama kitu kimoja, la sivyo mtu anaweza kubaki na visu visivyo na mashine.

Na kama kitu kinachopaswa kugawanywa ni kirikuu? Hapo ndipo bei inahitajika, na ni ya kitu hicho kimoja tu. Mtafuteni mthamini mnayemwamini nyote, kisha mmoja amlipe mwenzake sehemu yake, au gari liuzwe na fedha zigawanywe kwa uwiano uliotoka kwenye hesabu. Kubalianeni juu ya mthamini huyo kabla ya kufungua bahasha, maana baada ya hapo kila mmoja atakuwa ameshajua bei ipi inamfaa.