Leso husomwa nyuma: vile jina linavyopiga bila kugusa

Mimi nauza leso, zile kanga zenye maneno, hapa Mtaa wa Biashara, Mombasa, na swali naloulizwa sana na wageni ni kwa nini mtu achague nguo kwa maneno na si kwa rangi. Ukweli ni kwamba rangi inamleta mteja hadi dukani, lakini jina, yaani hayo maneno, ndo linafanya atoe pesa ama airudishe doti kwa rafu.

Tuanze na umbo lake maana bila hilo mengine hayaeleweki. Leso moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana mita moja na kidogo. Pembeni kote inazungukwa na pindo, katikati ndo mji, alafu chini ya mji, karibu na pindo la upande mrefu, kuna jina, limeandikwa kwa herufi kubwa na mara nyingi limewekwa ndani ya kisanduku. Zinauzwa mbili zikiwa zimeshikana, hiyo ndo doti, na jina ni lilelile kwa zote mbili. Ukishanunua unampelekea fundi mwenye cherehani pale barazani anakata katikati na kukupindia.

Sasa angalia jina liko wapi. Mwanamke akijifunga kiunoni, ncha mbili za leso zinakutana mbele, kwa hivyo katikati ya nguo inaangukia nyuma, na jina linakaa chini kule nyuma ya miguu. Ile ya pili akijitanda nayo kichwani, jina linashuka mgongoni. Yaani hata akizivaa zote mbili, anayesoma ni yule aliyeachwa nyuma. Mwenyewe ashapita, hamjaangaliana usoni, hakuna neno limetoka mdomoni, na wewe umebaki umesimama na maneno yako. Utamwita urudi umwambie nini? Atakwambia leso nimeipenda maua yake bwana, na hapo huna la kusema, maana maneno hakuyaandika yeye, yamechapwa kiwandani na yamevaliwa na watu wengi mji mzima.

Hiyo nafasi ya kukana ndo siri yote ya leso. Jina zuri la mafumbo halitaji mtu. Chukua WASEMAO NAWASEME, nani hao wasemao? Hajulikani, anayejijua atajijua. Ama HASIDI HANA SABABU, ukikasirika ushakubali wewe ndo hasidi. Lakini WIVU WAKO TU, hiyo ina "wako" ndani yake, hiyo ishanyoosha kidole, na mimi mteja akiitaka kwa ajili ya ugomvi huwa namuuliza mara mbili.

Nieleze kisa kimoja cha hapa dukani, watu siwataji. Alikuja mama mmoja wa rika la mamangu, akakaa kwa benchi hata maji hakutaka. Akanambia, "Mwanangu, nipe leso ijibu." Jirani yake, nyumba zimekabiliana mlango kwa mlango, walikuwa wamekorofishana juu ya maneno yaliyosemwa arusini, na baada ya hapo jirani akatoka na WASEMAO NAWASEME mpya, akafagia nayo uwanja asubuhi, jioni akaifua akaianika kwa kamba upande wa barabara, jina limenyooshwa vizuri linatazama mlango wa huyu mama.

Nikamuuliza kwanza, mamangu una hakika ni yako? Maana si kila leso inasema. Leso iliyopauka ya jikoni haisemi kitu, ya kubebea mtoto pia haisemi, na kama mtaa mzima umevaa sare ya harusi basi hilo jina ni la harusi si la mtu. Dalili ni kama hizi: leso ni mpya bado ina ule ugumu wa dukani, imevaliwa jozi kamili hata kwa kazi ndogo ambayo mtu angejifunga kuukuu, na jina limekaa wima halikupinda, alafu imerudiwa mahali palepale mbele ya mtu yuleyule. Dalili moja peke yake haitoshi. Kwa huyu mama zilikuwepo zote, na ile ya kufagia uwanja kwa doti mpya ndo ilimaliza maneno.

Tukaanza kufungua. Yeye macho yake yalienda moja kwa moja kwa WIVU WAKO TU. Nikamwambia hii mamangu ikifika kwa wazee kusuluhishwa, wewe ndo utaonekana mchokozi, yeye alisema wasemao, wewe umesema wako. Nikamtolea NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Hiyo ni kali na inajibu sawasawa, maana mwenzake kaongelea maneno na yeye anajibu kwa maneno, ila ni ndefu, herufi zimebanwa, mtu ukipita haraka haisomeki yote, na akisoma nusu ya mwanzo peke yake ataona umekiri unaogopa! Mwisho tukafika kwa KILA NDEGE HURUKA KWA UBAWA WAKE. Akanyamaza, akaisoma tena, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kwa anayejua ugomvi inasema niache na yangu nikuache na yako, na kwa asiyejua ni methali tu ya heshima ambayo hata imamu akiiona hana neno. Rangi yake ya urujuani hakuipenda lakini akaichukua.

Watu husema mtindo huu wa kuweka maneno ulianzia hapahapa Mombasa, kwa Kaderdina Hajee Essak ambaye duka lake lipo tangu 1887, na mpaka leo leso zake zina ile alama ya MALI YA ABDULLA. Zamani majina yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, za kirumi zikaja baadaye.

Siku hizi kuna mambo yanaharibu. Maua yaleyale hurudi na jina jingine, kwa hivyo ukiagiza kwa picha ya simu uone na sehemu ya jina, usiridhike na mji peke yake. Nyingi zinachapwa nje na watu wasiojua Kiswahili, herufi moja ikiruka jina limekufa, na leso ya fumbo ikikosewa inachekesha badala ya kuchoma. Na wanaume, wallahi, wanaume! Kuna mmoja alimchukulia mkewe doti ya Idi kwa sababu ya rangi ya kijani tu, hakusoma, kumbe ni MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Alirudi nayo siku ileile amekunja uso, mkewe anataka kujua huyo ndiye ni nani. Nikambadilishia na NANI KAMA MAMA akampelekee mama mkwe, na ya mke nikamwambia aje achague mwenyewe.

Yule jirani naye alikuja baadaye. Akazunguka zunguka, akashika hii akaacha, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule wa kwetu alichukua hapa? Alikuwa anataka gani hasa?" Nikamwambia bibi mimi nauza doti nyingi sikumbuki, nikamfungulia mzigo mpya.