Kupogoa orodha ya hashtegi: maana yake, na namba inayochanganywa

Kupogoa orodha ya hashtegi ni kuondoa zile ambazo posti zako za nyuma za Instagram zinaonyesha hazikuongezei watu, ukabakisha zinazoleta tofauti. Kipimo chake ni ufikiaji, yaani idadi ya akaunti tofauti zilizoiona posti. Mtu mmoja akiiona mara nne, ufikiaji ni mmoja na maonyesho ni manne.

Kinachovurugwa kila siku ni ile namba kubwa inayotokea pembeni mwa hashtegi unapoitafuta. Utasikia, "Hii ina ufikiaji wa milioni mbili, usiiache." Siyo ufikiaji. Hiyo ni idadi ya posti zilizokwisha kuwekewa alama hiyo na watu wote tangu ianze kutumika. Haisemi ni wangapi wanaifungua leo, wala ni wangapi wataiona posti yako. Pengine inakuonya tu kwamba posti yako itafunikwa haraka na nyingine mpya. Anayepogoa kwa kuitazama namba hiyo anapima umaarufu wa neno, na matokeo yake mwenyewe hajayagusa.

Kosa la pili ni kugawa: posti imefikia watu 500, ina hashtegi 5, basi kila moja imeleta 100. Takwimu za Instagram hutolewa kwa posti nzima, hazigawanywi hashtegi moja moja, na sehemu kubwa ya watu hao huenda ni wafuasi wako ambao wangeiona hata bila alama yoyote. Kwa hiyo ufikiaji wa hashtegi hausomwi mahali popote. Hukadiriwa kwa kulinganisha posti zilizokuwa nayo na zile ambazo hazikuwa nayo.

Tuchukue akaunti ya mimea ya ndani yenye posti 24. Kwenye jedwali la Google Sheets, kila posti ina mstari wake. Safu ya B ni ufikiaji wa wasio wafuasi, uliochukuliwa siku ya 7 kwa kila posti, maana posti ya juzi haiwezi kushindanishwa na ya miezi miwili. Safu ya C ni aina, picha au video. Kuanzia safu ya D, kila hashtegi ina safu yake: 1 ikiwa ilitumika, 0 ikiwa haikutumika. Kisha tafuta namba ya katikati ya posti zenye hashtegi hiyo, na ya zisizo nayo:

```
=MEDIAN(FILTER(B2:B25, D2:D25=1))
=MEDIAN(FILTER(B2:B25, D2:D25=0))
```

Hashtegi ya #mimeayandani ilitumika kwenye posti 9, zilizofikia 140, 155, 170, 180, 190, 210, 230, 260 na 2,400. Wastani wake ni kama 437, na ungedhani ni lulu. Lakini namba ya katikati ni 190, na ya posti 15 zisizo nayo ni 205. Posti moja tu iliyosambaa ndiyo iliyoubeba wastani wote. Ndiyo maana tunatumia MEDIAN. Hii inatoka.

Hashtegi ya #kumwagilia inadanganya kwa namna nyingine. Posti 8 zenye nayo zina namba ya katikati 310. Zisizo nayo, 180. Kabla ya kushangilia, angalia safu ya C: kati ya hizo 8, video ni 6. Ukilinganisha video kwa video, zenye hashtegi zina 330 na zisizo nayo 315. Tofauti karibu yote ilikuwa ya video. Usiihukumu bado, iweke kwenye picha kadhaa zijazo ndipo urudi kwenye jedwali.

Hashtegi iliyotumika chini ya mara 5 nayo iache kwanza, kwa kuwa posti moja inatosha kuigeuza. Na zile mbili unazozibandika pamoja kila mara zitakupa namba zilezile hadi mwisho. Hakuna hesabu itakayozitenganisha mpaka utumie moja bila nyingine kwenye posti 5 au 6. Ukiondoa, ondoa mbili au tatu kwa awamu. Ukifyeka kumi siku moja na ufikiaji ukashuka, hutajua ipi ilikuwa inakubeba.

Jambo moja zaidi, kwa wale wanaosema "nimepogoa" wakimaanisha wamerudi kwenye posti za zamani wakafuta hashtegi. Kinachopogolewa ni orodha utakayotumia kuanzia posti ijayo. Posti za zamani ziache zilivyo: ukifuta alama zake, safu za 1 na 0 utakazozijaza kutoka kwenye posti hizo hazitalingana tena na kilichokuwepo watu walipoiona posti, na hutakuwa na cha kulinganisha nacho.