Ukibadili mauzo ya viazi kuwa logi, rudisha majibu kwenye shilingi

Kila msimu, hapa Mbeya, naletewa ripoti za maofisa ugani na wanafunzi waliohoji wakulima wa viazi mviringo wa Umalila, Isongole au Uporoto. Ndani yake mara nyingi nakuta sentensi moja: "Data zilibadilishwa kuwa logi ili zifuate mgawanyo wa kawaida." Kisha unafuata wastani wa 6.27 na mwingine wa 6.79, na ripoti inaishia hapo. Mkulima aliyetoa saa yake nzima kuhojiwa hawezi kujua 6.27 ni nini. Diwani naye hawezi. Na sababu iliyotolewa ya kuchukua logi haitoshi.

Tuchukue mfano niliouandaa kwa ajili ya kufundishia. Wakulima 8 walipanda mbegu za kawaida, wengine 8 wakapanda mbegu zilizothibitishwa. Mauzo ya msimu, kwa maelfu ya shilingi, ni haya:

Kawaida: 200, 300, 350, 400, 500, 650, 900, 2400.
Zilizothibitishwa: 350, 450, 600, 700, 850, 1100, 1700, 3600.

Wastani wa kundi la kwanza ni 712.5, yaani Sh 712,500. Lakini wakulima sita kati ya wanane hawakufikia kiasi hicho. Mtu mmoja mwenye milioni 2.4 ndiye aliyeupandisha. Ukimtoa, wastani unashuka hadi 471. Tazama pia mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani: ni 717, mkubwa kuliko wastani wenyewe. Anayeandika "712 ± 717" anamwambia msomaji kwamba kuna wakulima waliouza chini ya sifuri. Ukiona hivyo kwenye data ambazo haziwezi kuwa hasi, ujue mkia wa kulia ni mrefu na kipimo ulichotumia hakizifai.

Je, hilo peke yake linatosha kuhalalisha logi? Kwangu mimi, hapana. Sababu nzito zaidi ni jinsi mauzo yanavyozaliwa. Mauzo ni eneo, mara magunia kwa eka, mara bei ya gunia. Mwenye eka tano akapata mavuno mazuri na kuwahi soko haongezi faida hizo moja juu ya nyingine, zinazidishana. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na hesabu zetu za kulinganisha wastani zimejengwa juu ya kujumlisha. Mbegu nzuri nayo, kama inafanya kazi, tunategemea izidishe mavuno ya kila mtu kwa kiasi fulani. Hatutegemei mwenye robo eka na mwenye eka tano waongezewe shilingi zilezile.

Ushahidi wa jambo hilo umo kwenye data zenyewe. Kwa shilingi, mkengeuko sanifu unapanda pamoja na wastani: 717 kwa kundi la kwanza, 1071 kwa la pili. Kwa logi asilia ni 0.77 na 0.75, karibu sawasawa. Hapo una hoja ya kuandika kwenye ripoti: mauzo ni zao la vitu vinavyozidishana, mtawanyiko ulikua na wastani, na baada ya logi ukalingana. Usiandike kwamba ulichagua logi kwa sababu ilileta tofauti ya maana. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kuangalia jibu la jaribio.

Sasa kurudi nyumbani. Wastani wa logi ni 6.266 na 6.786. Ukizirudisha kwa EXP, kinyume cha logi asilia, unapata 526 na 886. Hizi si wastani uliozoeleka, ni wastani wa kijiometri, na ripoti iseme hivyo wazi. Zinamwakilisha mkulima wa katikati: mediani za makundi haya ni 450 na 775, hivyo hatuko mbali nazo.

Tofauti ya logi mbili, 0.520, ikirudishwa inakuwa 1.68. Hii si shilingi wala si tofauti, ni uwiano: mauzo ya mkulima wa katikati mwenye mbegu zilizothibitishwa ni mara 1.68 ya mwenzake, au asilimia 68 zaidi. Kwenye programu ya R kazi yote ni mistari michache:

```
d$mbegu <- relevel(factor(d$mbegu), ref = "kawaida")
m <- lm(log(mauzo) ~ mbegu, data = d)
exp(coef(m))
exp(confint(m))
```

Mpaka wa uhakika wa asilimia 95 kwa uwiano huo ni 0.74 hadi 3.80. Moja, yaani hakuna tofauti yoyote, imo ndani yake. Kwa hiyo data hizi zinakubaliana na mauzo kupungua kwa robo, na zinakubaliana pia na kuongezeka karibu mara nne. Watu 8 kwa kundi ni wachache mno, na logi haiwezi kulirekebisha hilo. Andika mpaka wote, usiandike 1.68 peke yake.

Kosa ninalokutana nalo mno ni kurudisha kosa sanifu, kipimo cha jinsi wastani wenyewe unavyoweza kuyumba. Kwa kundi la kwanza ni 0.27 kwenye logi. EXP yake ni 1.3, na mtu anaandika "526 ± 1.3". Usahihi huo haupo. Tafuta kwanza mipaka miwili kwenye logi, kisha urudishe kila mmoja: utapata 296 hadi 937. Upande wa juu ni mrefu kuliko wa chini, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kosa jingine linatoka Excel. Pale LOG ni ya msingi wa 10, na LN ndiyo logi asilia. Aliyechukua LOG kisha akarudisha kwa EXP atapata 15 badala ya 526, yaani Sh 15,000, wakati hata mkulima wa chini kabisa aliuza 200,000. Jibu lililorudishwa likiwa nje ya data zako, tafuta hapo kwanza.

Kuna mahali logi isitumike kabisa. Halmashauri ikitaka kukadiria ushuru wa mazao, inahitaji jumla ya mauzo. Zidisha 526 kwa wakulima 8 unapata 4,211, ilhali waliuza 5,700. Zaidi ya robo ya fedha imepotea kwenye karatasi. Kwa jumla, bajeti na ushuru, wastani wa kawaida ndio unaotakiwa, pamoja na yule mwenye milioni 2.4.

Na yule ambaye ukungu ulimaliza shamba lote, akauza sifuri? Sifuri haina logi. Wengi huongeza 1 kwa kila mtu, lakini hiyo 1 ni nini? Ukiandika mauzo kwa maelfu, umbali kati ya sifuri na mwenye 200 ni 5.3 kwenye logi. Ukiandika kwa shilingi kamili, umbali wa watu haohao ni 12.2. Jibu linategemea ulivyoandika namba, na hilo halikubaliki. Mimi huwashauri watenganishe maswali mawili: kwa kila aina ya mbegu, wangapi hawakuuza chochote, na kati ya waliouza, uwiano wa mauzo ni upi. Aliyepoteza shamba anatajwa kwenye ripoti kama alivyo, na hesabu ya logi inabaki kwa waliofika sokoni.