Kikohozi cha usiku wa pili: mapafu yanapojaa maji mlimani

Wapandaji wengi huogopa maumivu ya kichwa. Mimi nimefuatana na misafara ya milimani kama daktari kwa miaka mingi, na sauti inayoninyanyua kitandani haraka zaidi ni kikohozi kikavu kutoka hema la jirani usiku wa pili au wa tatu. Kikohozi hicho kinaweza kuwa vumbi na hewa kavu tu. Kinaweza pia kuwa mwanzo wa maji kujaa mapafuni, ugonjwa unaoua watu wenye nguvu zao, vijana wasio na maradhi yoyote, ndani ya saa chache.

Kwanza niutenge na ule ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, maana watu huyachanganya magonjwa haya mawili. Mtu akipanda haraka kupita mita 2,500 hivi, baada ya saa sita hadi kumi na mbili kichwa huanza kumgonga, chakula kinamchefua, mwili unalegea, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Hapo tatizo liko kichwani, na dawa yake kubwa ni kuacha kupanda. Akae palepale alipo, anywe maji kadiri ya kiu, ameze parasetamoli, na kwa kawaida siku moja au mbili zinatosha. Akipona anaendelea. Akizidiwa huku amepumzika, anashuka. Wengi wanaougua hivi hawahitaji zaidi ya hayo.

Maji mapafuni ni jambo jingine kabisa, na karibu nusu ya wanaoyapata hawana maumivu ya kichwa yenye uzito wowote. Hapo ndipo hatari ilipo: mtu anajikagua kichwa, anajiona mzima, anaendelea kupanda.

Sababu yake iko katika tabia moja ya mapafu ambayo kwa kawaida hutusaidia. Mishipa ya damu sehemu nyingine za mwili ikikosa oksijeni hutanuka. Ya mapafu hufanya kinyume, hujibana. Ukiwa chini karibu na bahari na kipande kimoja cha pafu kimeziba kwa nimonia, mishipa ya kipande hicho inajibana na damu inaelekezwa kwenye vipande vizima vyenye hewa. Ni mpango mzuri sana. Lakini ukipanda, shinikizo la hewa linapungua, na kwenye mita 5,500 limebaki kama nusu ya lile la usawa wa bahari. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Sasa pafu zima limekosa, kwa hiyo mishipa inajibana kila mahali, na moyo upande wa kulia unalazimika kusukuma damu kwa nguvu kubwa kuliko kawaida.

Hata hivyo mishipa haijibani sawasawa. Mahali fulani imefunga sana, pengine imebaki wazi, na damu yote iliyozuiwa kule inakimbilia hapa palipo wazi. Hapo kuna vishipa vyembamba mno, vyenye kuta zisizofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita, vinavyotenganisha damu na hewa. Shinikizo likizidi, kuta hizo zinavuja. Majimaji ya damu yanaingia kwenye vifuko vya hewa, na baadaye hata chembe nyekundu zenyewe. Vifuko vilivyojaa maji havipitishi oksijeni, oksijeni ya damu inashuka zaidi, mishipa inajibana zaidi, uvujaji unaongezeka. Baridi na kazi nzito vinapandisha shinikizo hilo, na usingizi unashusha oksijeni. Ndiyo maana ugonjwa unapenda kujitokeza usiku, kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kufika juu.

Kwa muda mrefu madaktari waliuita nimonia au moyo kushindwa. Daktari Jacottet alifariki mwaka 1891 karibu na kilele cha Mont Blanc, na uchunguzi wa maiti ulikuta mapafu yaliyojaa maji. Bado ilichukua hadi 1960, Charles Houston alipochapisha maelezo yake, ndipo madaktari wengi walipokubali kwamba maji yanaweza kujaa mapafuni mwa mtu mwenye moyo mzima. Kosa hilo la kuita nimonia lingali linafanyika kambini. Nami nimelifanya, na nalieleza kwa sababu lingeweza kugharimu maisha ya mtu.

Alikuwa kijana wa miaka 34, mkimbiaji, ndiye aliyekuwa mbele ya wenzake siku mbili za mwanzo. Walilala usiku wa kwanza mita 2,900, wa pili 3,700, wa tatu 4,600. Alasiri ya siku ya tatu alifika kambini wa mwisho, saa nzima nyuma ya wenzake. Nilimwona akikohoa, nikampima joto, nikakuta 37.9. Nikafikiri ameingiliwa na maambukizi ya kifua, nikampa antibiotiki, nikamwambia apumzike. Ile saa nzima ya kuchelewa ilikuwa imenieleza kila kitu, na sikuisikiliza. Mkimbiaji aliyekuwa anaongoza msafara hageuki kuwa wa mwisho kwa siku moja bila sababu.

Saa saba usiku mwongozaji alikuja hemani kwangu. "Daktari, yule kaka hawezi kulala chali. Ameketi tu, anahema."

Nilimkuta ameegemea mizigo. "Ni uchovu tu, daktari," aliniambia, lakini alivuta pumzi katikati ya sentensi hiyo fupi. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 32. Mapigo ya moyo 118, ilhali alikuwa hajainuka kwa saa kadhaa. Kipima oksijeni cha kidoleni kilionyesha asilimia 64. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kwenye mwinuko ule hata mtu mzima wa afya huwa chini ya kawaida. Kwa hiyo nilikipachika kwenye vidole vya wenzake wawili waliolala hema hilo hilo, nikapata 82 na 85. Hiyo tofauti ndiyo iliyosema. Nikaweka sikio la stethoskopu chini ya kwapa la kulia, ambako mara nyingi sauti huanzia, nikasikia ule mchakarisho laini kama wa nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio. Homa ndogo haikunipotosha tena. Ugonjwa huu wenyewe huleta joto hadi 38 na kidogo.

Nilimwekea oksijeni lita nne kwa dakika. Ndani ya dakika ishirini kipimo kilipanda hadi 90. Kupanda haraka hivyo ni ushahidi mwingine, kwani pafu lenye nimonia nzito kwa kawaida halirudi upesi namna hiyo. Nafuu hiyo pia ndiyo inayodanganya. Kijana alitabasamu, akaomba alale hadi asubuhi.

Mtungi wetu ulikuwa na lita 400. Dakika ishirini zilikuwa zimekula 80, zikabaki 320. Kwa lita nne kwa dakika zingeisha baada ya saa moja na dakika ishirini, kukiwa bado giza, nasi tukiwa bado mita 4,600. Kwa lita mbili zingetosha saa mbili na dakika arobaini. Kushuka hadi mita 3,500 kulihitaji kama saa tatu. Kungoja alfajiri kungemaanisha kutumia oksijeni yote tukiwa tumekaa, kisha kumshusha bila chochote. Tuliondoka saa nane.

Hakutembea. Hili nalisisitiza kwa waongozaji, kwa sababu desturi ni kumshika mgonjwa mkono na kumwambia ajikaze. Kila hatua ya jasho inapandisha shinikizo kwenye mishipa ile ile inayovuja. Wapagazi walimbeba kwa machela, mgongo umeinuliwa, amefunikwa vizuri dhidi ya baridi. Kabla ya kuondoka nilimpa nifedipini ya miligramu 30, ile inayoyeyuka polepole, baada ya kuhakikisha presha yake haiko chini. Dawa hiyo inalegeza mishipa ya mapafu, lakini ni nyongeza tu juu ya kushuka na oksijeni. Dawa za kukojoza maji, ambazo daktari aliyezoea wagonjwa wa moyo atazikimbilia, sikumpa. Moyo wake haukuwa na tatizo, na mwili wake ulikuwa tayari umepungukiwa maji.

Mtungi uliisha tukiwa tumeshafika karibu mita 3,600. Kipimo kilibaki 84 bila oksijeni. Hewa nzito zaidi ya huko chini ilikuwa imechukua kazi ya mtungi.

Kwa hiyo kanuni yangu kambini ni hii. Mtu anayehema akiwa amekaa, ambaye pumzi yake haitulii baada ya dakika kumi za kupumzika, anashuka muda huo huo, angalau mita 1,000 au hadi dalili ziondoke. Sisubiri makohozi ya povu la waridi, maana hayo huja mwishoni. Vilevile anashuka mara moja yule anayepepesuka, asiyeweza kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, au aliyeanza kuchanganyikiwa, kwa sababu huyo ubongo wake unavimba, naye nampa pia deksamethasoni. Ule mfuko wa shinikizo unaopulizwa kwa pampu ya mguu unafaa pale dhoruba inapoziba njia. Lakini mgonjwa hulala ndani yake, jambo gumu kwa asiyeweza kulala chali, na akitolewa hali hurudi. Kubaki juu kunawezekana tu pale penye zahanati yenye oksijeni ya kutosha na mtu wa kumwangalia usiku kucha.

Na kinga? Tazama tena zile namba za kulala: 2,900, 3,700, 4,600. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku ya tatu au ya nne ulale palepale. Kwa hesabu hiyo, njia aliyoimaliza kwa usiku mbili ilihitaji karibu wiki. Asetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na jioni, inakinga vizuri ule ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Kwa maji mapafuni siitegemei, na mtu aliyemeza vidonge hivyo asidhani kifua chake kimekingwa.

Picha ya eksirei aliyopigwa yule kijana siku tuliyomshusha ilionyesha mawingu yenye mabaka, mengi upande wa kulia. Siku tatu baadaye alikuwa anapanda ngazi bila kuhema. Swali lake la kwanza lilikuwa kama anaweza kurudi mlimani. Nilimweleza kwamba aliyeugua hivi mara moja, akipanda tena haraka hadi mita 4,500, uwezekano wa kuugua tena ni kama asilimia 60, kwa kuwa mishipa yake ndivyo ilivyoumbwa kujibana. Mwaka 1991 yalichapishwa majaribio ya nifedipini kwa watu wa aina yake: kati ya 10 waliomeza dawa aliugua mmoja, kati ya 11 waliomeza vidonge visivyo na dawa waliugua saba. Tulikaa naye mezani tukaandika ratiba mpya, mita 400 kwa usiku, siku mbili za kukaa, na nifedipini kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Kipima oksijeni alinunua cha kwake.