Pampu ikishikwa na kwikwi, pima kwanza upepo wa tangi la presha

Mama mmoja wa Isamilo alitupigia simu chuoni akilalamika kwamba pampu yake ina kwikwi. Niliisikia nikiwa bado getini: tak, inanguruma sekunde tatu, tak, kimya, halafu inaanza tena, na bomba lililokuwa wazi ni la jikoni tu. Alikuwa ameshabadilishiwa swichi ya presha, na sasa alishauriwa anunue pampu mpya. Pampu ilikuwa nzima kabisa.

Nyumba nyingi za vilimani hapa Mwanza zina simtanki, pampu na kitangi cha presha cha lita 24. Ndani ya kitangi kuna mfuko wa mpira. Maji huingia ndani ya mfuko, na upepo hukaa kati ya mpira na chuma. Upepo huo ukishabanwa ndio unaosukuma maji bombani wakati pampu imezima. Ukipungua, maji kidogo tu yakitoka presha inaporomoka na pampu inaamka.

Upande wa nyuma wa tangi, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna vali kama ya tairi. Bonyeza pini yake kidogo mfumo ukiwa na presha. Ukitoka upepo mkavu, mpira huenda ni mzima. Yakitoka maji, mpira umetoboka, na kujaza upepo ni kazi bure.

Kama ni upepo mkavu, zima umeme wa pampu, fungua bomba lililo karibu hadi maji yaache kutoka, kisha uliache wazi. Watu wengi huruka hatua hii, na geji huwapa presha ya maji badala ya upepo uliojazwa. Pima kwa geji ya matairi. Kipimo chake kinategemea presha ambayo pampu huwakia: toa psi 2. Ya mama huyu huwaka kwenye 20 na kuzima kwenye 40, hivyo tangi linataka 18. Pampu ya baiskeli inatosha. Usizidishe: ukijaza 25, mfuko utaishiwa maji kabla pampu haijawaka, na maji yatakatika ghafla mtu akiwa anaoga.

Kisha hakiki kwa ndoo. Washa pampu hadi ijizime, kata umeme, na kinga maji mpaka geji ya pampu ishuke hadi 20. Kwa tangi la lita 24 lenye psi 18 unapata kama lita 8. Upepo ukiwa umeshuka hadi 5, utapata kama lita 5 tu. Ukijaza leo na baada ya siku chache umepungua tena, paka povu la sabuni kwenye vali kabla hujaulaumu mpira.

Kwa mama wa Isamilo, pini ilirusha maji usoni mwangu. Tulifungua boliti za sahani ya mbele, tukavuta mfuko: ulikuwa umechanika shingoni. Tuliweka mwingine wa saizi ileile, tukajaza 18, tukakinga. Ndoo ilipata lita 8 kasoro kidogo.