Nukta ya yutektiki na grafu ya aloi inayopoa: dhana potofu na ukweli

Chukua gramu 60 za risasi na gramu 40 za bati, uziyeyushe pamoja, kisha uiache aloi ipoe huku ukiandika halijoto kila baada ya sekunde 10. Grafu utakayoipata ina pinda moja karibu na nyuzi 238 za Selsiasi, na sehemu moja bapa katika nyuzi 183. Alama hizo mbili zinatosha kukueleza mengi kuhusu aloi hiyo, lakini ndizo pia zinazosomwa vibaya. Aloi hii ya asilimia 40 ya bati ndiyo tutakayoitumia kupima kila dhana hapa chini. Asilimia zote ni kwa uzito.

Dhana: aloi huyeyuka kwenye halijoto iliyo kati ya halijoto za metali zake mbili.

Risasi safi huyeyuka kwa nyuzi 327.5 na bati safi kwa nyuzi 231.9. Kama wastani ungetawala, mchanganyiko wowote wa metali hizi ungeyeyuka mahali fulani kati ya nyuzi hizo mbili. Ukweli ni kwamba kila metali huivurugia mwenzake kazi ya kuganda. Ukitia bati ndani ya risasi iliyoyeyuka, atomu za risasi hupata shida zaidi kujipanga kuwa fuwele, na halijoto ya kuanza kuganda hushuka. Ukitia risasi kwenye bati, hali ni ileile kutoka upande wa pili. Kwenye mchoro wa hali za aloi, unaoonyesha asilimia dhidi ya halijoto, unaona mistari miwili ikiteremka, mmoja kutoka kila upande, na mahali inapokutana ndipo nukta ya yutektiki: asilimia 61.9 ya bati, nyuzi 183. Hiyo ni chini ya bati kwa karibu nyuzi 49. Jina lenyewe lilitungwa na Frederick Guthrie mwaka 1884 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuyeyuka kwa urahisi.

Dhana: kwa kuwa aloi ya yutektiki huyeyuka kwa halijoto moja kama kitu safi, basi ni kampaundi.

Kosa hili lina mantiki ndani yake, kwa sababu grafu ya aloi ya yutektiki inapopoa hufanana sana na ya metali safi: inateremka, inakuwa bapa, inateremka tena, bila pinda la juu. Lakini badilisha asilimia 61.9 kuwa hesabu ya atomu, utapata karibu atomu 2.8 za bati kwa kila atomu moja ya risasi. Hakuna fomula nadhifu ya kikemia hapo. Na ukikichonga kipande kilichoganda, ukakisugua hadi king'ae na kukiweka chini ya hadubini, utaona tabaka nyembamba za aina mbili zikipishana. Aina moja ni risasi iliyobeba bati kidogo, ambayo huitwa alfa. Nyingine ni bati lililobeba risasi kidogo, ambalo huitwa beta. Kimiminika kilikuwa kimoja, yabisi ni mbili.

Halijoto inasimama kwa sababu nyingine kabisa. Kimiminika, alfa na beta vinapokuwapo kwa pamoja, kwa shinikizo lisilobadilika, mfumo wa metali mbili haubakiwi na uhuru wowote. Kanuni ya Gibbs inasema hivi:

```
F = C - P + 1 = 2 - 3 + 1 = 0
```

C ni idadi ya metali, P ni idadi ya hali zilizopo, na F ni idadi ya vitu unavyoweza kuvibadilisha bila kupoteza hali yoyote. Sifuri maana yake halijoto haiwezi kusogea mpaka moja kati ya hizo tatu iishe. Kinachoisha, wakati wa kupoa, ni kimiminika.

Dhana: pinda la juu kwenye grafu ndipo aloi inapoganda.

Ndipo inapoanza tu. Katika nyuzi 238 fuwele za kwanza za alfa huzaliwa ndani ya kimiminika, na kila fuwele inapokua hutoa joto fiche. Joto hilo linafidia sehemu ya lile linalopotea, kwa hiyo mteremko wa grafu unakuwa mpole zaidi, lakini haukomi. Haukomi kwa sababu hapa zipo hali mbili tu, na kanuni ile ya juu inaacha uhuru mmoja. Alfa inachukua risasi nyingi kuliko bati, hivyo kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa na bati, na kimiminika chenye bati zaidi kinahitaji halijoto ya chini zaidi ili kiendelee kuganda. Kati ya nyuzi 238 na 183 aloi ni uji: fuwele zilizozama katika kimiminika. Ukiusogeza uungio wa lehemu ya aina hii ukiwa katika hali ya uji, fuwele hutengana na uungio unapata nyufa. Ndiyo maana kazi ya saketi za umeme ilizoea lehemu ya bati 63 kwa risasi 37, ambayo inapita hatua ya uji karibu mara moja.

Mteremko ukishakuwa mpole, baadhi ya wasomaji huchora mstari wa ulalo na kuuita sehemu bapa. Angalia namba zenyewe, si umbo la mstari. Kama usomaji wa sekunde 10 zilizofuata uko chini hata kwa sehemu ndogo ya nyuzi, na unaendelea kushuka hivyo kila mara, hiyo si sehemu bapa.

Dhana: sehemu bapa inakueleza halijoto tu.

Hapa ndipo grafu ina utajiri ambao wengi huupita. Halijoto ya sehemu bapa ni nyuzi 183 kwa kila aloi ya risasi na bati yenye bati kuanzia asilimia 19 hadi 97.5. Kwa hiyo halijoto hiyo peke yake haikuelezi hata kidogo aloi ina bati kiasi gani. Kinachokueleza ni urefu wake kwa dakika.

Fuata kanuni ya wenzo, inayokokotoa sehemu ya kila hali kutokana na asilimia, kwa aloi yetu. Mara tu juu ya nyuzi 183, alfa ina bati asilimia 19 na kimiminika kina asilimia 61.9. Aloi nzima ina 40. Sehemu ambayo bado ni kimiminika ni:

```
(40 - 19) / (61.9 - 19) = 21 / 42.9 = 0.49
```

Katika gramu 100, gramu 49 ni kimiminika na gramu 51 ni alfa iliyokwisha kuganda. Ni zile gramu 49 tu zitakazoganda wakati wa sehemu bapa. Sasa pima aloi ya yutektiki yenyewe, gramu 100, katika chungu kilekile, na mahali palepale pa kupozea. Tuseme sehemu yake bapa ilidumu dakika 10. Ya aloi yetu itadumu karibu dakika 4.9, kwa kuwa kimiminika ni kilekile, halijoto ni ileile, na kasi ya kupoteza joto ni ileile. Kilichopungua ni kiasi tu. Aloi ya asilimia 30 ya bati itapata karibu dakika 2.6. Gustav Tammann aliugeuza uhusiano huu kuwa njia ya kazi: chora urefu wa sehemu bapa dhidi ya asilimia, utapata pembetatu ambayo kilele chake ni nukta ya yutektiki.

Kuna mtego mmoja. Aloi ya asilimia 80 ya bati ina kimiminika cha (97.5 − 80) / (97.5 − 61.9), ambayo nayo ni 0.49. Sehemu yake bapa italingana na ya aloi yetu kwa dakika na kwa nyuzi. Pinda la juu ndilo linalozitenganisha: la kwetu liko 238, la aloi ile liko juu kidogo tu ya 200. Basi usitoe jibu kwa alama moja.

Dhana: sehemu ya chini kabisa ya kibonde kabla ya sehemu bapa ndiyo halijoto ya yutektiki.

Mara nyingi grafu hushuka chini ya 183 kwa nyuzi kadhaa, kisha hupanda ghafla na kutulia. Fuwele za beta huzaliwa kwa shida, kwa hiyo kimiminika hupoa kupita halijoto yake ya kuganda bila kuganda. Mbegu ya kwanza ikitokea, ugandaji unakimbia, joto fiche linatoka kwa wingi na halijoto inarudi juu. Soma pale inapotulia, kamwe si shimo. Tatizo linakuja sampuli ikiwa ndogo, tuseme gramu chache: joto lililotoka halitoshi kuirudisha hadi 183, na sehemu bapa inaonekana chini ya mahali pake. Gramu 100 zikifunikwa unga wa mkaa kuzuia hewa, na kukorogwa taratibu hadi pinda la kwanza, mara nyingi hukwepa shida hii.

Kabla ya kuilaumu aloi, jaribu kifaa. Ncha ya themokapo ikae katikati ya kimiminika ndani ya ala ya kauri, isiguse ukuta wa chungu. Pima bati safi, kisha risasi safi. Kama bati linatulia kwenye 229 badala ya 231.9, kifaa kinasoma pungufu karibu nyuzi 3 katika eneo hilo. Na kwa kuwa ni risasi inayoyeyushwa, fanya kazi mahali penye hewa inayopita, usiipandishe halijoto kupita inavyohitajika, na nawa mikono kabla ya kula.

Dhana: aloi ya asilimia 10 ya bati haiwezi kuonyesha sehemu bapa ya nyuzi 183.

Kwa mujibu wa mchoro, haiwezi: alfa inaweza kubeba bati hadi asilimia 19 kwenye nyuzi 183, hivyo kimiminika chote kingekwisha kuganda muda mrefu kabla. Lakini mchoro huo unadhani kupoa ni kwa polepole kiasi kwamba atomu zina muda wa kusambaa ndani ya yabisi. Katika maabara hazina. Kiini cha fuwele kilichozaliwa kwanza kinabaki na bati kidogo kuliko kinavyostahili, tabaka za nje zinapata zaidi, na bati lililokosa nafasi linabaki kwenye kimiminika hadi nyuzi 183. Unaona sehemu bapa fupi ambayo kitabu hakikuitarajia. Kwa sababu hiyo, ukichora pembetatu ya Tammann kwa aloi zilizopozwa haraka, upande wa risasi utagusa sifuri chini ya asilimia 19. Poza tena nyuzi 1 au 2 kwa dakika: ikifupika, ulikuwa unaona athari ya haraka.